Madam Moja na Malori ya Isaka

Kama ulitaka kumwona Mwalimu Serafina akikasirika, hukuhitaji kumtukana. Ulimchorea tu mchoro wa mti wa uwezekano ubaoni, ukaweka 0.7 kwenye tawi moja na 0.2 kwenye tawi la pili, halafu ukaendelea kuzidisha kana kwamba hakuna kilichoharibika. Angekusimamisha papo hapo, mkono kiunoni, na kukuuliza, "Na hiyo 0.1 umemwachia nani?" Kama huna jibu, ungesimama hapo mpaka ulipate, hata kengele ya mapumziko ikigongwa.

Alizaliwa Ushirombo, katika nyumba ya wakulima wenye watoto wengi, na mama yake alikuwa na desturi moja ya kugawa chakula. Ugali ukishafika kwenye sahani, mama huinamisha chungu watoto wote waone kimekauka. Kilichokuwa chunguni kiko kwenye sahani, hakuna kilichofichwa, anayetaka kulia na alie sasa. Miaka mingi baadaye, akiwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari mjini Kahama, upande wa Nyahanga, Serafina alifundisha uwezekano kwa chungu hichohicho. Mti ukifika mahali pa kugawanyika, matawi yanayotoka hapo ni sahani. Jumlisha sahani zote. Zisipofika moja, kuna mtu amefichiwa chakula, na huruhusiwi kusogea mbele.

Karatasi zake za mazoezi zilijulikana. Kila penye mgawanyiko aliacha nafasi, na mwanafunzi alitakiwa aandike hapo namba moja na kuizungushia duara, kuonyesha kwamba amejumlisha, ndipo aruhusiwe kuzidisha kufuata njia. Darasani aliuliza, "Inafika ngapi?" na wote wakajibu kwa pamoja, "Moja, Madam." Waliliimba jibu hilo mpaka kwenye foleni ya chakula. Ndiyo maana wakamwita Madam Moja. Yeye alijifanya halijui jina hilo, ila lilimpendeza.

Darasa alilolipenda kuliko yote lilikuwa Kidato cha Sita cha Sayansi, wanaosoma Kemia, Baiolojia na Jiografia. Alikuwa amewafundisha hisabati tangu walipoingia Kidato cha Tano, wakati nusu yao wanaiogopa namba kama wanavyoogopa nyoka. Walikuja kusoma viumbe na mawe, wakakuta hisabati imewasubiri mlangoni. Aliwavuta mmoja mmoja. Sasa mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, na alitaka jambo moja tu duniani, kuwafikisha mwenyewe.

Basi ukaja mtihani wa ujirani mwema. Shule tatu za jirani hutunga mtihani pamoja, watoto hufanya siku moja, na walimu hukusanyika kusahihisha. Usahihishaji wenyewe huenda kwa mkanda: kila mwalimu anapewa swali lake moja, analisahihisha kwenye karatasi zote, kisha anazisogeza kwa mwenzake. Ni kazi ya haraka. Ubaya wake ni kwamba mtu anaona swali lake tu, ya jirani hayamhusu. Asubuhi ya kwanza mwongozo wa kusahihishia husomwa mbele ya wote, na mwenye swali anatakiwa aulize. Siku ile ulisomwa wakati chai na maandazi vimeshaingia mlangoni. Hakuna aliyeuliza. Serafina naye alikuwa anatafuta sukari.

Matokeo yalitolewa kwenye kikao cha walimu. Mkuu wa shule, Mwalimu Ngassa, mzee wa Kisukuma mwenye sauti ya upole hata anapokukata shingo, alisoma kwamba darasa la Mwalimu Serafina limeanguka vibaya kwenye swali la uwezekano, swali lenye alama nyingi kuliko yote, na kwa hiyo limekuwa la mwisho. Darasa la Mwalimu Edson, mkuu wa idara aliyelitunga na kulisahihisha swali lenyewe, lilikuwa limelipata swali hilo karibu lote.

"Kwa hiyo tumeona," alisema Mwalimu Ngassa, akimgeukia Serafina, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe, "Mwalimu Edson achukue na lile la Sayansi mpaka mtihani wa taifa. Mama Nelly atatusaidia Kidato cha Kwanza. Watoto wale nao ni wetu."

Serafina alihisi damu inapanda masikioni. Swali la uwezekano? Darasa lake? Angeambiwa wameanguka kwenye jometri angenyamaza, maana jometri hata yeye wakati mwingine ilimgomea. Lakini mti? Alitoka kikaoni kabla ya dua ya kufunga, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la karatasi za majibu.

Ya kwanza aliyoivuta ilikuwa ya Martina, binti mkimya wa dawati la mbele. Swali lilisema malori mia moja yamefika bandari kavu ya Isaka. Sitini yanakwenda Rwanda, arobaini yanakwenda Burundi. Katika yale ya Rwanda, sita yamezuiwa kwa kasoro za nyaraka, na katika yale ya Burundi, kumi. Lori moja linachaguliwa bila kuangalia. Ikiwa limezuiwa, kuna uwezekano gani kwamba ni la Burundi?

Martina alikuwa amechora mti wake vizuri. Matawi ya kwanza 0.6 na 0.4, na kamoja kenye duara. Kwenye njia ya Rwanda, sita juu ya sitini, 0.1 yamezuiwa na 0.9 yamepita, duara. Kwenye njia ya Burundi, kumi juu ya arobaini, 0.25 na 0.75, duara. Akazidisha kufuata njia: 0.06 na 0.10. Akajumlisha akapata 0.16. Akagawa 0.10 kwa 0.16, akapata 0.625. Na juu ya kazi yote hiyo ulipita mkasi mwekundu wa Edson, alama ya X kutoka kona hadi kona, na sifuri pembeni.

Serafina akavuta nyingine. Mkasi. Nyingine tena, mkasi. Akavuta karatasi ya darasa la Edson, na hapo ndipo alipoona. Matawi ya kwanza 0.6 na 0.4, sawa. Lakini kwenye njia ya Burundi mtoto ameandika 0.10 kwa yaliyozuiwa na 0.30 kwa yaliyopita. Amegawa kwa mia, siyo kwa arobaini. Kisha akazidisha 0.4 kwa 0.10, akapata 0.04; upande wa Rwanda 0.6 kwa 0.06, akapata 0.036, jibu lake likawa 0.53. Vema, vema, vema, kwa wino uleule mwekundu.

Kumi na thelathini, alisema moyoni, ni arobaini. Sahani zimegawiwa na zaidi ya nusu ya ugali haipo, na huyu anaandika vema. Alikasirika, akazirudisha karatasi kabatini polepole kwa kuogopa kuzichana.

Alimkuta Edson kwenye ofisi ya idara. Edson alikuwa kijana wa kupendwa, mwenye viatu vinavyong'aa, hodari wa kuchekesha darasa. Mwaka aliokuja alikuwa anamwamkia Serafina shikamoo akiwa bado mlangoni. Tangu apewe ukuu wa idara, shikamoo ilikuwa imegeuka kuwa "habari za saa hizi."

"Habari za saa hizi, Mama Nelly."

"Nimeona swali la Isaka," alisema Serafina. "Malori yaliyozuiwa ni mangapi jumla?"

"Si yameandikwa? Kumi na sita."

"Ya Burundi?"

"Kumi."

"Kumi katika kumi na sita. Huhitaji hata mti. Ni 0.625. Mwongozo wako unasema 0.53."

Edson aliutazama mwongozo wake kitambo. Serafina alimwona alipolifikia kosa. Alimwona macho yakisimama kwenye tawi la Burundi, yakarudi nyuma, yakasimama tena. Alikuwa ameona, bila shaka yoyote. Halafu akaufunga mwongozo na kuuweka chini ya kiwiko.

"Malori yote ni mia," alisema. "Kwa hiyo tunagawa kwa mia. Mwongozo ulisomwa mbele yetu wote. Mlipoulizwa kama kuna mwenye swali, wewe ulikuwa wapi?"

Lilimchoma hilo, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa kwenye sukari.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, mama yangu," Edson akaongeza, na kutabasamu.

Mtu anayekosea ni mtu tu. Walimu hukosea, wanafunzi hukosea, hata vitabu hukosea. Lakini mtu aliyeliona kosa lake kwa macho yake mawili kisha akalikalia kama kuku anayeatamia, huyo Serafina hakuwa na namna ya kumsamehe. Alitoka bila kuaga, akaenda kwa mkuu wa shule.

Mwalimu Ngassa alimsikiliza mpaka mwisho. Alichukua hata kalamu, akajumlisha mwenyewe kwenye pembe ya gazeti, na alipopata arobaini akavua miwani.

"Mayu," alisema kwa sauti ya chini, kwa namna ya mtu anayemsemesha mama yake mzazi, "una haki. Sasa tufanye nini? Matokeo yameshafika shule zile mbili. Tukisema leo kwamba mtungaji wetu hajui, mwakani nani atatukubali tutunge? Nitakwambia. Watoto wako tutawaongezea alama zao, kimyakimya. Darasa lako unabaki nalo. Jumamosi shule zote tatu zinakutana hapa kwenye bwalo kwa masahihisho, Edson atafundisha, wewe utakaa utulie. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na watoto wa shule zile? Na hawa wa Edson wenyewe? Wanakwenda kwenye mtihani wa taifa na mti ule?"

"Edson atarekebisha. Nitasema naye. Hasira hasara, Mama Nelly."

Jioni alimweleza mumewe. Telesphori alikuwa msimamizi wa upakuaji mizigo palepale Isaka, mtu wa maneno machache anayerudi na vumbi la reli hadi kwenye nyusi. Alikula, akanawa, akasema kwamba katika maisha yake hajawahi kuona mtu akipewa alichokuwa anakitaka halafu akakataa kwa sababu hakijaja na tarumbeta. "Unataka darasa, umepewa darasa. Chukua ulale." Serafina alimkasirikia na yeye pia, kwa sababu maneno yake yalikuwa na maana. Asubuhi yake akamwambia Mwalimu Ngassa kwamba amekubali. Maneno yalimtoka kama mtu anayetema mchanga.

Jumamosi bwalo lilijaa sare za rangi tatu. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani, ubao umeegemezwa kwenye dirisha la jikoni, na harufu ya maharage inapita juu ya vichwa vya watoto. Serafina alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, ameapa kimoyomoyo kutofungua mdomo. Edson alianza vizuri. Alichekesha. Alipofika kwenye swali la malori, Serafina aliinua shingo, akingoja yale marekebisho aliyoahidiwa.

Edson akachora. Rwanda 0.6, Burundi 0.4. Kisha, bila mkono kutikisika, akaandika kwenye njia ya Rwanda 0.06 na 0.54, na kwenye njia ya Burundi 0.10 na 0.30.

Msichana mmoja wa shule ya jirani akanyoosha kidole. "Samahani, mwalimu. Sisi tulifundishwa matawi yanayotoka sehemu moja lazima yafike moja. Hayo yanafika 0.4."

Hii ndiyo ilikuwa nafasi ya Edson. Angeweza kusema asante binti, angeweza kufuta na kucheka na kusema nimewajaribu, na Serafina angekaa kwenye kiti chake mpaka maharage yaive.

"Hiyo ni kwa maswali madogo," alisema Edson. "Kwenye uwezekano wenye sharti, matawi hayalazimiki kufika moja. Andikeni hivyo."

Wakaandika. Vichwa vyote viliinama pamoja, kalamu mia kadhaa zikaanza kukwaruza, na Serafina akayasikia makwaruzo yale kama panya ndani ya ghala. Pembeni aliwaona watoto wake mwenyewe, wale wa Sayansi, wakitazamana. Martina alikuwa ameshika kalamu hewani, hajui aandike au asiandike. Ndipo hasira yote aliyoimeza wiki nzima ikapanda mara moja, pamoja na ahadi, pamoja na ule usingizi alioshauriwa na Telesphori.

"Wekeni kalamu chini," alisema.

Hakupaza sauti. Alitembea katikati ya bwalo mpaka mbele, na hakumtazama Edson, aliutazama ubao.

"Lori limeshaingia njia ya Burundi. Linaweza kupatwa na mambo gani?"

"Kuzuiwa au kupita," wakajibu wachache.

"Kuna la tatu?"

"Hakuna."

"Sasa hapa ubaoni, kati ya malori kumi yaliyoingia njia hii, moja limezuiwa, matatu yamepita. Sita mengine yako wapi? Yamelala? Yamegeuka kuwa matikiti?"

Walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Aliomba chaki. Edson akaifumbata kiganjani, kwa hiyo akaokota kipande kilichoanguka chini ya ubao.

"Sharti maana yake ni hii. Ukishaingia njia ya Burundi, Rwanda umeisahau. Dunia yako sasa ni malori arobaini, siyo mia. Kumi juu ya arobaini, 0.25. Yaliyobaki, 0.75. Upande wa pili sita juu ya sitini, 0.1 na 0.9. Sasa zidisha kufuata kila njia." Akaandika mwisho wa kila njia: 0.06, 0.54, 0.10, 0.30. "Namba za Mwalimu si za uongo. Mnaiona hii 0.10 yake? Ni hii hapa, mwisho wa njia. Ameiweka kwenye tawi, kisha akaizidisha tena kwa 0.4, na lori moja haliwezi kuchaguliwa kwenda Burundi mara mbili. Jumlisheni miisho yote minne."

Kalamu zikakwaruza tena. "Moja," alisema mtu upande wa kushoto.

"Jumlisheni na miisho ya mti wa kwanza."

Hii ilichukua muda. Msichana yule wa shule ya jirani ndiye aliyefika kwanza. "0.52."

"Karibu nusu ya malori yamepotea na hakuna polisi aliyeitwa," alisema Serafina. "Yaliyozuiwa ni 0.16. Katika hayo, ya Burundi 0.10. Gawanya. 0.625. Waliopewa vema kwa 0.53 wafute. Waliokatwa kwa 0.625 hawakukosea."

Edson alikuwa anatazama viatu vyake. Mwalimu Ngassa alikuwa amesimama mlangoni tangu matikiti, na walimu wa shule zile mbili walikuwa wanamtazama yeye. Alisema kwa upole kwamba muda wa chakula umefika. Ulikuwa haujafika.

Jumatatu Serafina aliitwa. Alama zilirekebishwa kwa shule zote, jambo ambalo lilitangazwa kama marekebisho ya kawaida, bila jina la mtu. Darasa la Sayansi likaenda kwa Mwalimu Edson, na Serafina akapelekwa Kidato cha Kwanza kwa kuvunja makubaliano na kumvunjia mwenzake heshima mbele ya wageni. Mwalimu Ngassa alisema inamuuma. Serafina alimwambia kwamba kama inamuuma amwonyeshe ni wapi hasa, halafu akaomba radhi, maana alikuwa mtu mzima kwake, akamwamkia, akatoka.

Wiki iliyofuata alikuwa anapita kwenye kibaraza, amebeba madaftari ya Kidato cha Kwanza, watoto wasiojua hata sehemu, alipoisikia sauti ya Edson ikitoka dirishani kwenye darasa lake la zamani.

"Kabla hujazidisha, jumlisha. Penye mgawanyiko, andika moja, izungushie duara. Mtu asiniruke hatua hii. Nimewaambia mara ngapi?"

Serafina akasimama. Hajawaambia hata mara moja. Duara ni lake, chungu ni cha mama yake, na sasa linatolewa na mdomo uleule uliowaambia watoto wa shule tatu waandike uongo. Aliyakaza madaftari kifuani mpaka kona zikamchoma. Alifikiria kuingia. Alikuwa ameshageuza mguu mmoja.

"Haya," alisema Edson ndani, akigonga ubao. "Matawi haya. Inafika ngapi?"

Darasa zima likajibu kwa pamoja, kwa mazoea:

"Moja, Madam."

Hakuna aliyecheka. Edson hakuuliza tena. Chaki ikaendelea kuandika. Serafina akaurudisha mguu wake, akaenda Kidato cha Kwanza, na alipofika alikuwa bado amekasirika, akawaambia watoto wafungue ukurasa wa sehemu.